Msimu wa Netiboli Darasani: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Nahodha, Mwamuzi na Mtakwimu

Dhana: msimu ni bonanza lililorefushwa.

Walimu wengi wa michezo wa hapa Tanga, wakisikia habari za mfumo wa msimu ulioasisiwa na Mmarekani Daryl Siedentop katika miaka ya 1980, hudhani kwamba ni kupanga mechi nyingi mfululizo na kumpa mshindi kikombe. Ukweli ni kwamba timu huundwa mwanzoni na hazibadilishwi hadi fainali, na kila mwanafunzi, mbali na kucheza, hushika kazi moja inayofundishwa kama somo lenyewe.

Chukua darasa la Kidato cha Pili lenye wanafunzi 48 na uwanja mmoja wa netiboli. Zinapatikana timu sita za watu wanane, ambazo zaweza kuitwa Muheza, Korogwe, Pangani, Lushoto, Handeni na Mkinga. Timu sita zikikutana kila moja na nyingine mara moja, mechi ni 15, yaani raundi tano za mechi tatu. Vipindi viwili vilivyounganishwa vyenye dakika 80 vinatosha raundi moja: kila mechi huchukua dakika 20 pamoja na kupokezana uwanja, na zinazobaki ni za kupanga na kufunga. Wiki tatu za mazoezi, mbili za mechi za kirafiki, tano za ligi na moja ya fainali hufanya wiki 11. Ni vyema kuanza Julai, masika yakiwa yamekwisha na uwanja umekauka.

Dhana: mtakwimu ni kazi ya asiyejua kucheza.

Hii ndiyo dhana inayoharibu misimu mingi, kwa sababu karatasi ikikabidhiwa mwanafunzi aliyetengwa, hakuna atakayeisoma. Wakati timu mbili zinacheza, ya tatu huwa zamu: wawili waamuzi, wawili watakwimu, mmoja saa, mmoja ubao wa magoli na wawili vifaa. Tatu zilizobaki hufanya mazoezi pembeni chini ya makocha wao. Kwa kuwa zamu huzunguka, hata mfungaji hodari atashika kalamu.

Karatasi iwe na mambo matatu tu: mitupo golini, magoli na mipira iliyopotezwa. Tuseme Pangani imefunga magoli tisa. Mfungaji wa kwanza ametupa mara 14 na kufunga matano, ilhali mwenzake ametupa mara sita na kufunga manne. Kocha, ambaye ni mwanafunzi, anaona kwamba mipira mingi inapelekwa kwa asiyefunga nusu ya mitupo yake. Hata hivyo mitupo sita ni michache mno kumtangaza mtu bingwa, na pengine huyo wa kwanza hutupa akiwa mbali na nguzo. Kwa hiyo mazoezi ya wiki inayofuata yawe ya kumfikisha karibu, na hesabu irudiwe.

Karatasi iliyojazwa kwa kubuni hujulikana upesi, kwani jumla ya magoli yake hailingani na ubao. Mara nyingi mtakwimu alikuwa akishangilia, kisha akajaza yote filimbi ya mwisho ilipolia.

Dhana: mwanafunzi akishika filimbi patazuka ugomvi.

Ugomvi huzuka pale mwamuzi anapotupwa uwanjani bila kufundishwa. Katika zile mechi za kirafiki aanze na makosa matatu: kushika mpira zaidi ya sekunde tatu, makosa ya miguu, na mlinzi kusimama umbali usiofika sentimeta 90 kutoka kwa mwenye mpira. Mengine yataongezwa baadaye. Mwamuzi ambaye hajawa tayari hutambulika kwa filimbi inayochelewa na macho yanayomtafuta mwalimu. Mwalimu naye asitengue uamuzi mbele ya watu, maana akifanya hivyo mara moja, hakuna atakayemsikiliza mwamuzi tena. Amweleze mechi ikiisha. Anayeruhusiwa kumuuliza mwamuzi ni nahodha peke yake, na hapo ndipo unahodha unapopata uzito wake. Kwa maoni yangu, mtulivu hufaa kuliko mchezaji bora.

Dhana: anayeshinda mechi nyingi ndiye bingwa.

Ikiwa ni hivyo tu, kazi za zamu zitageuka mzaha kabla ya raundi ya pili. Mechi 15 hazigawanyiki sawasawa kwa timu sita, hivyo wengine watapata zamu mbili na wengine tatu. Kuwapa alama kwa kila zamu kungewapunja wenye zamu mbili. Ni afadhali kila timu ianze na alama 10 za nidhamu na kazi, ikatwe moja kwa kila kosa, kama vile karatasi isiyolingana, mwamuzi kutofika au mchezaji kumzomea mwamuzi.

Tuseme ushindi ni alama tatu na sare moja. Muheza imeshinda mara nne, hivyo ina 12, lakini imekatwa tano na jumla yake ni 17. Korogwe imeshinda tatu na kutoka sare moja, ina 10, imekatwa moja tu, jumla 19, na inaongoza. Muheza watalalamika, na kanuni hii lazima iwe imebandikwa ukutani tangu wiki ya kwanza, kwa sababu ikitangazwa mwishoni malalamiko hayo yatakuwa ya haki.