Coaster ya Tanga–Muheza: kilomita moja inamgharimu mwenye gari kiasi gani?

Mama mmoja wa Ngamiani ana Coaster inayokwenda Muheza. Kila jioni dereva humletea hesabu ya shilingi 90,000. Mafuta, konda, ushuru wa stendi na kuosha gari vyote viko juu ya dereva, na kinachobaki ndiyo riziki yake. Kwa siku 26 za kazi mama anapokea 2,340,000 kwa mwezi. Alinijia kwa sababu kila tairi zikiisha lazima akope, na hakuelewa fedha inapotelea wapi. "Gari halilali, mwanangu," aliniambia, "lakini mimi ndiyo ninakwisha."

Mimi huwatunzia vitabu wenye magari madogo hapa Tanga, na shida hii naijua. Hesabu ya jioni inaonekana kama faida, kumbe ndani yake mna tairi, oili, bima na gari lenyewe linaloliwa kidogo kidogo. Dawa yake ni kujua kilomita moja inagharimu kiasi gani.

Tulianza na kilomita zenyewe. Mita ya kwenye dashibodi ilikuwa imekufa, waya umekatika, hakuna aliyejali. Nilimwomba mama airekebishe kwanza, maana bila mita kila kitu ni kubahatisha. Kisha kwa wiki mbili tuliandika inasoma nini gari likitoka alfajiri na likirudi usiku. Safari nne kwa siku za kwenda na kurudi Muheza, kwa takriban kilomita 35 kila upande, ni kilomita 280. Mita ilionyesha 300. Hizo 20 zilizozidi ni za kutoka linakolala hadi stendi ya Kange, kwenda sheli, kwenda kuoshwa, kurudi nyumbani. Naziita kilomita tupu, kwa sababu hazina abiria lakini zinakunywa dizeli kama nyingine.

Mafuta tuliyapima kwa kujaza tangi hadi pampu ikate yenyewe, tukaandika mita inasoma nini, gari likafanya kazi siku tatu, tukajaza tena sheli ileile, pampu ileile, gari likiwa mahali tambarare. Ukijaza kwenye mteremko tangi linakudanganya lita kadhaa. Ilitoka kilomita 6 kwa lita. Dizeli tuliipigia 2,800, kwa hiyo ni shilingi 467 kwa kilomita.

Baada ya hapo tulimwaga risiti za mwaka mzima kutoka kwenye kopo la maziwa ya unga na kuzigawa mafungu matatu, na hapa ndipo wengi wanapokosea, wakichanganya zote pamoja.

Fungu la kwanza ni gharama zinazotembea na kilomita: gari likisimama, nazo zinasimama. Mbali na mafuta kuna tairi. Sita kwa 350,000 kila moja ni 2,100,000, na kwa barabara hii zilidumu kilomita 42,000, yaani shilingi 50 kwa kilomita. Oili, filta na ufundi ni 175,000 kila kilomita 5,000, yaani 35. Bushi, lainingi za breki, klachi na spring za mwaka mzima, ukigawa kwa kilomita za mwaka, ni 60. Jumla na mafuta ni 612.

Fungu la pili linakwenda na siku: posho ya dereva na konda, ushuru wa stendi, kuosha. Tulikadiria 50,000 kwa kila siku gari linapoingia kazini, liende Muheza mara moja au mara tano.

La tatu linakwenda na kalenda, gari litembee lisitembee. Bima, leseni ya LATRA, kodi na ukaguzi ni kama 200,000 kwa mwezi. Halafu uchakavu: gari lilinunuliwa 65,000,000, na akiliuza baada ya miaka mitano anatarajia 29,000,000. Tofauti ni 36,000,000, sawa na 600,000 kila mwezi kwa miezi 60. Hii haina risiti, hakuna anayekuja kuidai, ndiyo maana inasahaulika.

Sasa jumlisha. Kilomita 7,800 za mwezi kwa 612 ni 4,773,600. Siku 26 ni 1,300,000. Kalenda ni 800,000. Jumla 6,873,600. Usigawe kwa 7,800; gawa kwa kilomita 7,280 zenye abiria, kwa sababu hizo ndizo zinazolipa. Unapata shilingi 944. Safari ya kilomita 35 inagharimu kama 33,000, na kwa nauli ya 2,000 unahitaji wastani wa abiria 17 wa nauli kamili kila upande, kwenda na kurudi. Wanafunzi hulipa pungufu, kwa hiyo usiwahesabu kichwa kwa kichwa.

Gari likikaa gereji nusu mwezi, 944 inageuka 1,054, kwa sababu kalenda haikusimama. Kwa hiyo namba hii ni ya gari hili, kwa barabara hii, kwa mwezi wa kazi kamili. Coaster hiyohiyo ikipandisha Soni kwenda Lushoto itakunywa zaidi na kumaliza breki mapema, na lazima upime upya.

Turudi kwa mama. Katika mpango wa hesabu, yeye anabeba tairi, oili na matengenezo, yaani 145 kwa kilomita, pamoja na kalenda yote. Kwa mwezi hiyo ni 1,931,000. Kati ya 2,340,000 anazopokea, zake ni 409,000 tu. Nilipomwonyesha alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama na safari za usiku zimo.

Hazikuwamo. Dereva akiongeza mzunguko mmoja baada ya kupeleka hesabu, fedha yote ni yake, lakini kilomita 70 zinamla mama zaidi ya 10,000 za tairi, oili na bushi. Dalili yake iko kwenye oili. Kwa kilomita 300 kwa siku, kilomita 5,000 zinatimia baada ya siku 16 au 17 za kazi. Ikitimia siku ya 13, gari linakwenda kama 385 kwa siku, na mtu wa kuuliza unamjua. Sisemi dereva ni mwizi. Mpango wenyewe ndio unaompa sababu.

Na dizeli? EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi, lakini nauli kikomo ya LATRA haifuati kila mwezi. Dizeli ikipanda shilingi 200, kila mzunguko wa Muheza, pamoja na kilomita tupu zake, unaongezeka 2,500, zaidi kidogo ya nauli ya abiria mmoja. Nauli huwezi kuipandisha mwenyewe, kwa hiyo unachoweza kukata ni kilomita tupu au mzunguko wa mchana ambao nauli zake hazilipi hata gharama za fungu la kwanza.

Kukodisha ni habari nyingine, maana hapo bei unapanga wewe. Jumapili moja, siku gari linapopumzika, watu wa msiba walitaka kwenda Pangani na kurudi, kama kilomita 110 pamoja na kuwachukua mtaani. Kwa 612 ni 67,320, ongeza 50,000 za siku, jumla 117,320. Kalenda ilikwisha kulipwa na siku za kazi. Mama aliwaambia 160,000, wakakubaliana 150,000, naye aliijua sakafu yake kabla simu haijakatwa. Ombi hilohilo lingekuja Jumatatu, angelazimika kuongeza na kile ambacho njia ya Muheza ingemwingizia siku hiyo.

Tangu mwezi uliopita yeye na dereva wamekubaliana upya: 90,000 kwa kilomita 300 za kwanza, na kila kilomita inayozidi dereva analeta shilingi 200. Mita inasomwa na wote wawili, jioni, kwa tochi ya simu, kabla gari halijaingia uani.