Dawa ya Kikohozi na Kikohozi Kisichokoma: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Kila kikohozi lazima kikatwe kwa dawa ya maji.

Ukweli: Kikohozi chenye makohozi ni njia ya mapafu kujisafisha, na anayekizuia huyaacha makohozi ndani ya njia za hewa. Dawa za kutuliza kikohozi, kama dekstromethofani, hufanya kazi kwenye ubongo, mahali panapotoa amri ya kukohoa, kwa hiyo zinamfaa zaidi mtu mzima mwenye kikohozi kikavu kinachomnyima usingizi. Hata hapo nafuu yake ni ndogo, wala haziponyi chanzo. Soma lebo kabla ya kulipa, kwa sababu baadhi ya chupa huchanganya dawa ya kutuliza na ya kulainisha makohozi, mchanganyiko ambao kwa maoni yangu hauna mantiki. Kwa mtoto aliyevuka mwaka mmoja, kijiko cha chai cha asali kabla ya kulala kinatosha. Aliye chini ya umri huo asipewe kabisa, kwani asali inaweza kubeba bakteria wanaozalisha sumu tumboni mwake.

Dhana: Makohozi ya njano au kijani yanahitaji antibiotiki.

Ukweli: Rangi hiyo hutokana na chembe nyeupe za damu, nazo hujitokeza hata pale ugonjwa unapoletwa na virusi.

Dhana: Kikohozi kisipokoma, dawa ibadilishwe.

Ukweli: Kikohozi cha mafua kinaweza kuendelea hadi wiki tatu hata baada ya homa kuisha. Hata hivyo, nchini Tanzania, kikohozi cha wiki mbili au zaidi ni sababu tosha ya kuchunguzwa kifua kikuu, na anayeishi na VVU hapaswi kusubiri hata muda huo.

Tuseme fundi seremala anakohoa kwa wiki ya tano na amekwisha kumaliza chupa tatu za dawa. Kituoni ataulizwa kama anatokwa na jasho usiku, kama amepungua uzito, na dawa anazotumia. Ataombwa makohozi ya kutoka ndani ya kifua, si mate, kwa kuvuta pumzi nzito kabla ya kukohoa, kwa sababu sampuli ya mate inaweza kuuficha ugonjwa. Majibu yakionyesha hana kifua kikuu, uchunguzi hauishii hapo: vumbi la mbao linaweza kuwa limeamsha pumu, na kama anameza enalaprili kwa ajili ya shinikizo la damu, dawa hiyo yenyewe huweza kuleta kikohozi kikavu. Asiiache kwa uamuzi wake. Daktari ndiye atakayempa nyingine, na kikohozi kwa kawaida hutulia ndani ya wiki chache, ingawa kwa wengine huchukua hadi miezi mitatu.

Anayekohoa damu, anayepumua kwa shida au anayebanwa na kifua asihesabu wiki. Aende hospitali siku hiyohiyo.