Kwa nini bureti ikisoma kidogo maji ni machafu zaidi: dhana potofu kuhusu COD

Dhana nyingi kuhusu COD, yaani mahitaji ya oksijeni ya kikemia, huzaliwa pale mtu anapopokea namba ya mwisho bila kujua imetokaje. Kwa hiyo nitashika sampuli moja ya majitaka na kuifuata toka mwanzo.

Sampuli imezimuliwa mara 5. Kwenye flaski tunatia gramu 0.4 za salfeti ya zebaki, kisha mL 20 za sampuli iliyozimuliwa, mL 10 za potasiamu dikromati ya 0.25 N, na shanga chache za kioo ili isifoke. Mwisho tunaongeza, polepole huku flaski ikipozwa kwa maji, mL 30 za asidi ya salfuriki kali iliyoyeyushiwa salfeti ya fedha. Flaski ya pili inapata kila kitu hichohicho, ila badala ya sampuli ina maji yaliyokenekwa. Hiyo ndiyo tupu. Zote mbili zinachemka kwa muda wa saa 2 chini ya kondensa. Zikipoa tunazizimua kwa maji, tunadondoshea kiashiria cha feroini matone 2 au 3, na kutaitreti kwa chumvi ya chuma, Fe(NH4)2(SO4)2, ya 0.098 M. Tupu imekunywa mL 25.2. Sampuli imekunywa mL 18.4.

Dhana: Sampuli iliyokunywa zaidi kwenye bureti ndiyo chafu zaidi.

Hili ndilo kosa ninalokutana nalo kuliko yote, na linaeleweka, kwa sababu titresheni nyingi za darasani huenda hivyo: unachotafuta ndicho unachotaitreti. Hapa sivyo. Uchafu umeshamalizana na dikromati wakati wa kuchemka, na chuma inakutana na dikromati iliyobaki tu. Uchafu ukila nyingi, inabaki kidogo, na bureti inashuka kidogo. Jibu liko kwenye tofauti kati ya tupu, A, na sampuli, B:

```
COD = (A − B) × M × 8000 / mL za sampuli
    = (25.2 − 18.4) × 0.098 × 8000 / 20
    = 267 mg/L
```

Tukizidisha kwa 5 kurudisha uzimuaji, majitaka yenyewe yana takriban 1333 mg/L. Anayechukua 18.4 moja kwa moja na kuitia kwenye fomula atapata zaidi ya 3600 mg/L. Ubaya zaidi ni kwamba kwake maji yakisafishwa namba itapanda, na mtambo unaofanya kazi vizuri ataudhani umeharibika.

Dhana: mg za oksijeni kwa lita ni oksijeni iliyomo majini.

Hakuna aliyepima oksijeni hapa. Ndani ya flaski ile kazi yote imefanywa na dikromati, ambayo imenyang'anya elektroni kutoka kwenye uchafu na kugeuka kromiamu ya kijani. Ioni moja ya dikromati huchukua elektroni 6, molekuli moja ya oksijeni huchukua 4. Kwa kuwa mole ya oksijeni ina gramu 32, kila mole ya elektroni ni sawa na gramu 8 za oksijeni. Ndipo inapotoka ile 8000: miligramu 8 mara mL 1000 za lita. Kwa hiyo 1333 mg/L ni deni, si akiba: oksijeni ambayo ingehitajika kuuchoma uchafu huo kwa kiwango kilekile. Maji hayo yanaweza kabisa kuwa hayana oksijeni iliyoyeyuka hata chembe.

Dhana: Tupu ni utaratibu tu, inatosha kutaitreti dikromati yenyewe.

Asubuhi hiyo dikromati ile mL 10, bila kuchemshwa, ilikunywa mL 25.5 za chuma. Ndivyo tulivyopata 0.098 M, na hilo hurudiwa kila siku ya kazi kwa sababu chuma hiyo huoksidishwa na hewa ikiwa chupani. Tupu iliyochemshwa ikasoma 25.2. Ile mL 0.3 imekwenda kwenye joto na kwenye vichembe vya uchafu vya kemikali na vyombo, na sampuli nayo imepoteza kiasi hichohicho. Ukiweka 25.5 mahali pa 25.2, jibu la majitaka yetu linaongezeka karibu 59 mg/L. Kwa maji machafu hivi huenda ukavumilia, lakini kwenye maji yaliyokwisha kusafishwa kosa kama hilo linaweza kumeza jibu zima.

Dhana: Flaski ikigeuka kijani, ongeza dikromati uendelee.

Kijani kibichi baada ya kuchemka maana yake dikromati imekwisha. Flaski yenye mL 10 haiwezi kuonyesha zaidi ya takriban 988 mg/L, hata sampuli iwe chafu namna gani. Majitaka yetu ya 1333 mg/L bila kuzimuliwa yangeimaliza yote, na matone ya kwanza ya chuma yangetosha kuleta rangi ya wekundu wa kahawia. Anayeandika 988 hapo ameandika mwisho wa flaski, si COD. Ukiongeza dikromati katikati, uwiano wa asidi unabadilika na tupu yako hailingani tena na sampuli. Mwaga kwenye chombo cha taka zenye zebaki na kromiamu, kamwe si kwenye sinki, kisha zimua sampuli na uanze upya. Flaski iliyo salama bado ina umanjano unaoonekana, na kwenye titresheni hupita buluu ya kijani kabla ya kuruka ghafla kwenye wekundu.

Dhana: Zebaki imeshatiwa, kwa hiyo chumvi si tatizo.

Dikromati haitofautishi kloridi na uchafu. Kila mg 1 ya kloridi ikioksidishwa yote huhesabiwa kama mg 0.226 za oksijeni, hivyo 1000 mg/L za kloridi zinaweza kubandika hadi 226 mg/L za uongo. Zebaki huikamata kloridi, lakini kwa kipimo: takriban uzito mara 10 wa kloridi. Gramu 0.4 zinatosha mg 40 za kloridi, yaani 2000 mg/L kwenye mL 20. Zaidi ya hapo, zimua. Na itangulie kabla ya asidi yenye fedha, kwa sababu fedha ikikutana na kloridi huru hutoa mashapo meupe na haibaki ya kutosha kusaidia asidi za mnyororo mnyoofu, kama asidi ya asetiki, kuoksidika.

Dhana: Kiwango cha rejea kikitoka sawa, sampuli nazo ziko sawa.

Rejea ya kawaida ni potasiamu haidrojeni fthalati: mg 425 zilizokaushwa, kwenye lita 1, hutoa 500 mg/L. Kwenye flaski hii hutumia kama nusu ya dikromati, na ikikosea ujue kuna tatizo la chuma, pipeti au joto. Lakini haina kloridi, hivyo itatoka 500 safi hata siku uliyosahau zebaki. Haina benzini pia, ambayo hukimbilia kwenye mvuke juu ya flaski na kuoksidishwa sehemu tu. Ukipima majitaka yenye chumvi, tengeneza rejea ya pili yenye fthalati ileile na kloridi ya sodiamu ya kufikia kloridi ya sampuli yako, uichemshe sambamba na nyingine. Ikisoma 560 badala ya 500, zile 60 ni kloridi iliyoponyoka zebaki, na sampuli zilizochemka pamoja nayo zirudiwe.