Kwa nini Ijumaa ya tarehe 1 Januari 2021 iko kwenye wiki ya 53 ya mwaka 2020

Kazi yangu ni takwimu za magonjwa zinazokusanywa kwa wiki: kuhara, malaria, surua, homa zinazotiliwa shaka. Kila Januari inapoanza mwishoni mwa wiki, maafisa takwimu hunipigia na swali lilelile: "Mwaka mpya umeshaingia, mbona mfumo bado unaniwekea wiki ya 53?" Wengi hudhani mfumo umeharibika. Mfumo uko sawa, na ukiielewa kanuni iliyo nyuma yake utaweza kuikokotoa kwa kalamu na karatasi.

Kanuni hiyo imo katika kiwango cha kimataifa cha tarehe na saa, ISO 8601, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1988. Inasema wiki huanza Jumatatu na kuishia Jumapili, na kila wiki ni ya mwaka ule ulioshika Alhamisi yake. Wiki ya 1 ya mwaka ni ile yenye Alhamisi ya kwanza ya mwaka huo. Yote mengine yanatoka hapo.

Alhamisi imechaguliwa kwa sababu ndiyo siku ya katikati. Wiki ikiwa imepandia miaka miwili, upande wenye Alhamisi ndio wenye siku nyingi, yaani nne au zaidi. Kwa hiyo 1 Januari ikiangukia Jumatatu, Jumanne, Jumatano au Alhamisi, wiki hiyo ni ya mwaka mpya, hata kama imeanza Desemba. Ikiangukia Ijumaa, Januari ina siku tatu tu katika wiki hiyo. Ikiwa Jumamosi, siku mbili. Ikiwa Jumapili, siku moja. Siku hizo hubaki kwenye wiki ya mwisho ya mwaka uliopita. Ndiyo maana ni tarehe 1, 2 na 3 Januari peke yake zinazoweza kurudi nyuma. Tarehe 4 Januari iko wiki ya 1 siku zote, na tarehe 28 Desemba iko wiki ya mwisho siku zote. Ukitaka kujua mwaka fulani una wiki 52 au 53, angalia namba ya wiki ya 28 Desemba.

Kwa nini wasingeanza tu kuhesabu tarehe 1 Januari? Fikiria grafu ya wagonjwa wa kuhara. Tuseme kituo kinapokea wagonjwa 10 kila siku, bila kupanda wala kushuka. Ukilazimisha mwaka mpya uanze na wiki mpya, wiki ya 28 Desemba 2020 hadi 3 Januari 2021 itakatika vipande viwili: siku nne zenye wagonjwa 40 na siku tatu zenye wagonjwa 30. Kwenye grafu mstari utazama mara mbili mfululizo, kisha urudi 70. Anayeisoma ataona ugonjwa umepungua na kuibuka tena, wakati hakuna kilichobadilika kituoni. Na kwa kuwa tunaangalia kama wagonjwa wa wiki hii wamezidi kiwango cha tahadhari, wiki ya siku tatu inaweza kuficha mlipuko wenyewe. Kiwango cha kimataifa kimekataa kuikata wiki. Wiki ina siku saba, na inahesabiwa nzima katika mwaka mmoja.

Gharama ya uamuzi huo ni kwamba tunakuwa na miaka ya aina mbili. Upo mwaka wa kalenda, unaoanza 1 Januari, na upo mwaka wa wiki, unaoanza Jumatatu ya wiki ya 1. Karibu mwaka mzima miaka hiyo miwili huwa na namba moja, na ndiyo sababu watu husahau kwamba ni vitu viwili.

Sasa tukokotoe. Chukua tarehe yako, tafuta Alhamisi ya wiki hiyohiyo, yaani kati ya Jumatatu na Jumapili zinazoizunguka. Mwaka wa Alhamisi hiyo ndio mwaka wa wiki. Kisha hesabu Alhamisi hiyo ni siku ya ngapi ya mwaka wake, toa moja, gawa kwa 7 ukiacha baki, ongeza moja. Hiyo ndiyo namba ya wiki.

Ijumaa 1 Januari 2021: Alhamisi ya wiki hiyo ni 31 Desemba 2020. Mwaka 2020 ulikuwa mrefu, kwa hiyo hiyo ni siku ya 366. Toa moja, unapata 365. Gawa kwa 7, unapata 52 na baki. Ongeza moja: 53. Tarehe hiyo huandikwa 2020-W53-5, ile 5 ya mwisho ikiwa Ijumaa, siku ya tano kuanzia Jumatatu.

Jaribu na upande wa pili, Jumatatu 30 Desemba 2024. Alhamisi ya wiki hiyo ni 2 Januari 2025, siku ya pili ya mwaka. Toa moja, gawa kwa 7, unapata sifuri. Ongeza moja, unapata wiki ya 1. Kwa hiyo siku mbili za mwisho za Desemba 2024 ziko kwenye wiki ya 1 ya mwaka 2025. Watu wengi wanaijua hali ya Januari kurudi nyuma lakini hawajui kwamba Desemba nayo huenda mbele, na kwa uzoefu wangu hii ya Desemba ndiyo inayoharibu takwimu zaidi, kwa sababu haionekani.

Nieleze inavyotokea. Mtu ana orodha ya wagonjwa, mmoja kila mstari, pamoja na tarehe ya kuanza kuugua. Anataka kuwajumlisha kwa wiki, hivyo anatengeneza safu mpya: anachukua mwaka kutoka kwenye tarehe, anachukua namba ya wiki ya kimataifa, anaviunganisha. Kila kimoja peke yake ni sahihi, ila mwaka ni wa kalenda na namba ni ya mwaka wa wiki. Tarehe 1 Januari 2021 inakuwa 2021-W53, wiki ambayo haipo kabisa, maana mwaka 2021 una wiki 52. Ukipanga jedwali, wagonjwa wa Januari wanajitokeza mwishoni mwa mwaka, baada ya Desemba. Kosa hilo angalau linaonekana kwa macho.

La Desemba halionekani. Tarehe 30 na 31 Desemba 2024 zinapata jina 2024-W01, na wiki ya jina hilo ipo kweli: ni ile ya 1 hadi 7 Januari 2024. Wagonjwa wa siku mbili za mwisho wa mwaka wanamwagwa juu ya wale wa mwanzo wa mwaka uleule, wameachana karibu miezi kumi na miwili. Katika kituo chetu cha wagonjwa 10 kwa siku, 2024-W01 inaonyesha 90, na 2025-W01, iliyobakiwa na siku tano, inaonyesha 50. Jumla kuu ya jedwali inalingana kabisa na orodha, kwa hiyo ukaguzi wa kawaida hauligundui.

Kipimo ninachokitumia ni kuhesabu siku badala ya wagonjwa. Tengeneza orodha ya tarehe zote za kipindi chako, hata zile zisizo na mgonjwa, zipe majina ya wiki kwa njia ileile, kisha hesabu kila jina lina tarehe ngapi. Ukiacha wiki za mwanzo na mwisho wa kipindi chenyewe, kila jina lazima liwe na saba. Ukiona tisa, tano, nne au tatu, umeshapata palipochanganyika.

Dawa yake ni kuchukua mwaka na wiki kutoka chanzo kimoja. Kwenye Excel, `WEEKNUM` ikiachwa bila maelezo mengine huanza wiki Jumapili na huiweka 1 Januari kwenye wiki ya 1 siku zote, kwa hiyo haifai hapa. Tumia `ISOWEEKNUM`. Ila Excel haina fomyula ya moja kwa moja ya mwaka wa wiki, hivyo tunairudia ile njia ya kutafuta Alhamisi. Tarehe ikiwa kwenye A2:

```
=YEAR(A2-WEEKDAY(A2,2)+4)&"-W"&TEXT(ISOWEEKNUM(A2),"00")
```

Hicho kipande cha `A2-WEEKDAY(A2,2)+4` ndicho Alhamisi yenyewe. Wanaotumia Python wana `isocalendar()`, inayotoa mwaka wa wiki, namba na siku kwa pamoja. Kwenye kupanga maandishi ya tarehe, andika `%G-W%V`, kamwe si `%Y-W%V`: `%G` ni mwaka wa wiki, `%Y` ni wa kalenda. Wa R watumie `isoyear()` pamoja na `isoweek()` za lubridate, wasichanganye na `epiweek()`.

Hiyo `epiweek()` inahitaji neno moja, hasa kwetu wa afya. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kinahesabu wiki kuanzia Jumapili hadi Jumamosi, nacho kwa sharti la siku nne. Katika miaka mingi, kwa sehemu kubwa ya wiki utaona namba zilezile, halafu Jumapili zinaachana; ila mwaka ukianza Alhamisi, kama 2026, namba zao hubaki nyuma kwa moja kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili 3 Januari 2021 kwao tayari ni wiki ya 1 ya 2021; kwa kiwango cha kimataifa bado ni wiki ya 53 ya 2020. DHIS2, mfumo unaotumika Tanzania, Kenya na Uganda, unazo wiki za kawaida za Jumatatu, zinazoandikwa kama 2020W53, na pia unaruhusu wiki zinazoanza siku nyingine. Kabla ya kuunganisha takwimu za nchi mbili, uliza kwanza wiki yao inaanza siku gani.

Wiki ya 53 hutokea mwaka unapoanza au kuisha Alhamisi. Ilikuwepo 2015 na 2020, ipo 2026, na itakuwepo 2032. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili za mwanzo wa Januari 2027 zitakuwa kwenye 2026-W53. Ukifuata mwaka wa wiki, 2026 unaanza 29 Desemba 2025 na kuishia 3 Januari 2027, jumla ya siku 371, wakati 2025 una siku 364. Kwa hiyo usilinganishe jumla za miaka hiyo miwili kama zilivyo; linganisha wastani wa wiki. Na kwenye grafu inayoweka miaka juu ya miaka, iache wiki ya 53 isimame peke yake. Wapo wanaoijumlisha kwenye wiki ya 52 ili nafasi zilingane, na wiki hiyo inabeba siku kumi na nne.