Je, wajua droo inaweza kupikwa hata kama namba imetoka kwa kompyuta?

Kuna aliyeniuliza: "Duka la kofia hapa Langoni, Lamu, limetangaza litatoa kofia mbili za vito bure, ati unatuma jina tu ushaingia. Sasa huyo mshindi wanampataje, na sisi tutajuaje kofia haijaenda kwa shemeji yao?"

Wengi siku hizi wanaingia Random.org, tovuti ya Ireland iliyoanza 1998, inayotoa namba kutokana na kelele ya redio ya angani, ile mikwaruzo unayoisikia redio ikiwa haijashika stesheni. Namba zenyewe hazina neno. Shida iko kwa kidole. Mwenye duka anabonyeza, inatoka namba ya mtu wa Mpeketoni asiyemjua, anabonyeza tena, na tena, mara ya tano inatoka ya shemeji na hapo ndo anapiga skrinshoti. Wewe uliye nyumbani unaona skrinshoti moja tu, nzuri, ina tarehe na kila kitu. Hata akienda laivu bado, manake namba 64 ikitoka nani ni 64? Kama orodha hukuiona kabla ya kura, 64 anaweza kuwa yeyote.

Basi turudi kwa vikaratasi na ndoo? Ndoo ina maradhi yake. Desemba 1969 Marekani walipiga kura ya kuamua vijana gani watangulie kwenda jeshini. Waliweka tarehe 366 za kuzaliwa ndani ya vidonge vya plastiki, wakavitia sandukuni mwezi baada ya mwezi, Januari kwanza Desemba mwisho, wakavichanganya kijuujuu tu, halafu wakavimimina kwa chombo cha kioo. Waliozaliwa mwisho wa mwaka wakatoka mapema kupita kiasi. Hakuna aliyeiba, ni kuchanganya hakukutosha. Sasa ndoo ya dukani, majina ya leo asubuhi yako juu na mtoto anachota palepale juu, utasema nini.

Njia ninayoiamini mimi haitaki umwamini mwenye duka hata kidogo. Kila kitu kinafungwa kabla, halafu namba inatoka mahali ambapo hana mkono. Benki Kuu ya Kenya kila siku ya kazi inatoa bei za pesa za kigeni, na zinaandikwa na tarakimu nne baada ya nukta. Tarakimu za mwanzo zinakisika, ila mbili za mwisho nani azijue leo zitakavyokuwa Jumatatu? Hapa Lamu hakuna wa kuzisukuma.

Tuseme wameingia watu 143. Kura inafungwa Alhamisi saa tatu usiku, Ijumaa jioni orodha inabandikwa ukutani dukani na kwa ukurasa wao, kila mtu na namba yake kwa mpangilio wa aliyetuma kwanza. Hapo usiandike namba nzima ya simu ya mtu, jina moja na tarakimu tatu za mwisho zinatosha mtu kujijua, na sheria ya Kenya ya 2019 ya kulinda data haipendi namba za watu zitembezwe. Watu wanapewa mpaka Jumapili adhuhuri kulalamika, ati mimi sionekani, ati huyu ameingia mara mbili. Baada ya hapo orodha haiguswi.

Jumatatu tuseme pauni ya Uingereza imeandikwa 173.4437 na euro 150.9182. Chukua mbili za mwisho za pauni, 37, fuatisha mbili za mwisho za euro, 82, unapata 3782. Gawa kwa 143: inaingia mara 26, ambayo ni 3718, inabaki 64. Mshindi ni namba 64. Kama haikubaki kitu mshindi ni 143. Yaani mtu yeyote mwenye simu ya mulika mwizi anaifanya hesabu hii mwenyewe, akiwa Shela ama Faza, na lazima apate jibu lilelile. Mbora wa hesabu atasema usawa haujakamilika, na kweli, 10,000 haigawanyiki sawasawa kwa 143, kwa hivo wengine wana nafasi 70 na wachache wana 69. Hilo mimi nalisamehe.

Kofia ya pili inatumia bei za Jumanne, na wa akiba bei za Jumatano. Namba ikijirudia unangoja siku ya kazi inayofuata.

Sasa tangazo. Likiwa na "masharti na vigezo kuzingatiwa" halafu kimya, ujue ugomvi unakuja. Mimi ningeliandika hivi:

"Tunatoa kofia 2 za vito, saizi 22 na nusu. Kuingia ni bure, huhitaji kununua chochote. Tuma neno KOFIA na jina lako kwa WhatsApp ya duka, mara moja tu, kabla ya Alhamisi saa 3 usiku. Namba moja ya simu ni nafasi moja. Wafanyakazi wa duka na watu wa nyumbani kwao hawaingii. Orodha Ijumaa jioni, malalamiko mpaka Jumapili saa 6 mchana, mshindi wa kwanza Jumatatu, wa pili Jumanne na wa akiba Jumatano, kwa bei za Benki Kuu za siku hiyo, pauni kwanza halafu euro, kama ni sikukuu basi siku ya kazi inayofuata. Mshindi atajibu ndani ya siku 3 kwa namba ileile aliyotumia, asipojibu inaenda kwa wa akiba. Aliye nje ya Lamu, kutuma ni juu yetu. Hatutakuomba pesa wala PIN."

Hiyo saizi usiidharau. Kofia ya vito inatungwa kwa mkono na haivutiki, mshindi mwenye kichwa cha 23 ataivaa utosini kama kifuniko cha birika, kisha aanze kudai wambadilishie.

Na hilo la bure ndo linalobeba mengine yote. Ukiwatoza watu hata shilingi 20 waingie, ushatoka kwa zawadi ushaingia bahati nasibu, na hiyo Kenya ina sheria na leseni yake, na hapa Lamu kabla serikali haijafika wazee wa msikitini watakuwa washakuuliza kama hii si kamari. Pia maduka mengi yanaandika "shea kwa ukurasa wako, tagi marafiki watatu ndo uingie". Facebook wenyewe wanakataza kufanya hivyo kuwa sharti la kuingia, na hata wangeruhusu, utahakikishaje nani ameshea na nani ameficha?

Ile sentensi ya mwisho kuhusu pesa na PIN wengi wanaiacha. Zawadi ikishatangazwa tu kuna mtu atafungua akaunti yenye picha ileile ya duka, jina limeongezwa nukta moja, aanze kuwaandikia watu inboksi: hongera umeshinda, tuma 300 ya kusafirisha upelekewe. Ukipata ujumbe kama huo angalia siku kwanza. Kama Jumatatu haijafika, bei hazijatoka, kwa hivo hakuna mshindi duniani. Na kama imefika, toa simu ugawe mwenyewe.