Vidonge vya macho kutoka ng'ambo: vinamfaa nani?

Hapa Pemba, chupa ya vitamini mara nyingi hutolewa mkobani kabla mgonjwa hajakaa kitini. Imetumwa na mtoto aliye Maskati au Uingereza, imechorwa jicho, na swali huwa moja: "Daktari, ninywe?" Sijibu mpaka nimeangalia vitu viwili, yaani retina ya aliyeuliza, ule utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, na maandishi ya nyuma ya chupa. Vidonge hivi vilionyesha faida kwa ugonjwa mmoja tu, tena katika hatua maalumu ya ugonjwa huo. Kwa mtoto wa jicho havikuonyesha faida, na presha ya macho hata haikuwa shabaha yao.

Ugonjwa wenyewe ni kuchakaa kwa makula, yaani kile kieneo kidogo cha katikati ya retina tunachokitumia kusoma, kutunga uzi kwenye sindano na kutambua sura ya mtu. Kadiri umri unavyokwenda, takataka za seli hujikusanya chini yake na kuonekana kama madoa ya manjano. Madoa hayo tunayaita druseni. Madogo machache ni jambo la kawaida kwa mtu mzima. Yanayotutia wasiwasi ni makubwa, yenye upana wa mikromita 125 au zaidi, ambao ni takriban upana wa mshipa wa vena pale unapovuka ukingo wa neva ya jicho. Ndivyo tunavyoyapima kwa macho tunapochungulia. Mtu mwenye doa kubwa japo moja tunamhesabu yuko hatua ya kati. Baada ya hapo huja hatua ya mwisho, ambayo ina njia mbili: ama seli za katikati zinakufa polepole, na huo ndio ukavu, ama mishipa mipya ya damu inaota chini ya retina na kuvuja, na huo ndio wa maji. Wa maji unaweza kuondoa uoni wa katikati ndani ya wiki chache.

Nitaeleza habari ya mzee mmoja wa upande wa Wete. Nimebadilisha mambo madogo ili asijulikane. Ana miaka 70 na kidogo, alivuta sigara ujanani na utu uzimani kisha akaacha. Jicho lake la kulia lilikuwa limekwisha kuharibika kwa ugonjwa wa maji, katikati pamebaki kovu. La kushoto alisema ni zima, na kweli alisoma vizuri mstari wa chini wa ubao. Lakini nilipompanua mboni na kuangalia ndani, nilikuta druseni kubwa na mabadiliko ya rangi kwenye makula.

Kwa mtu kama huyu kuna hesabu nyepesi iliyotokana na utafiti uliovijaribu vidonge hivi. Jicho lenye druseni kubwa linapata alama 1, na likiwa na mabadiliko ya rangi linaongezewa 1. Jicho lililokwisha kufika hatua ya mwisho linapata alama 2 moja kwa moja. Unajumlisha macho yote mawili. Mzee wetu alipata 2 za kulia na 2 za kushoto, jumla 4. Katika watu wa utafiti, mwenye alama 0 alikuwa na uwezekano wa takriban nusu ya asilimia moja wa kufika hatua ya mwisho ndani ya miaka 5. Alama 2 ilikuwa asilimia 12 hivi. Alama 4 ilikuwa karibu asilimia 50. Kwa hiyo jicho "zima" la mzee huyu ndilo lililokuwa hatarini kuliko yote niliyoyaona siku ile.

Utafiti huo unaitwa AREDS. Ulifanywa Marekani na Taasisi ya Taifa ya Macho ya huko, ukaandikisha watu 4,757 kuanzia mwaka 1992, na matokeo yake yakatoka mwaka 2001. Kila siku waliopewa mchanganyiko kamili walimeza vitamini C miligramu 500, vitamini E IU 400, betakarotini miligramu 15 na zinki miligramu 80. Waliongezewa pia shaba miligramu 2, kwa sababu zinki nyingi huzuia mwili kufyonza shaba, na upungufu wa shaba huleta upungufu wa damu. Vipimo hivi ni vikubwa mno kuliko chakula kinavyoweza kutoa. Ukila mchicha na samaki kila siku hufikii zinki miligramu 80.

Sasa faida yake. Tuchukue watu 100 waliokuwa hatua ya kati, au waliokwisha kupoteza jicho moja kama mzee wetu. Miongoni mwa waliopewa vidonge visivyo na dawa, takriban 28 walifika hatua ya mwisho ndani ya miaka 5. Miongoni mwa waliopewa mchanganyiko kamili walifika 20. Nawaomba wasomaji watulie hapo kidogo, maana chupa husema "hupunguza hatari kwa asilimia 25" na mtu akaelewa kwamba amepona. Maana yake ni kwamba kati ya watu 100, kama 8 waliokolewa na vidonge, 20 waliharibikiwa pamoja na kuvimeza, na 72 wasingefika huko hata bila vidonge. Kwa mtu aliyebakiwa na jicho moja, mimi naona 8 katika 100 ni jambo kubwa, na nilimwambia mzee hivyo hivyo. Nilimwambia pia kwamba vidonge havirudishi alichopoteza kulia, wala hatahisi tofauti yoyote kushoto. Vikifanya kazi, hakitatokea kitu.

Akanipa chupa aliyotumiwa na mwanawe. Ilikuwa ya mchanganyiko wa zamani, wenye betakarotini. Nikamkataza.

Sababu ni hii. Tangu mwaka 1994, jaribio kubwa la Finland kwa wanaume wavutaji lilionyesha kwamba waliopewa betakarotini walipata saratani ya mapafu zaidi, kwa takriban asilimia 18, kuliko wasiopewa. Ndiyo maana likaja jaribio la pili la macho, AREDS2, lililotoa matokeo mwaka 2013 kwa watu 4,203. Humo walijaribu kuongeza luteini miligramu 10 na zeaksanthini miligramu 2, rangi mbili ambazo kwa asili zimo ndani ya makula, na pia mafuta ya samaki ya omega-3. Kuongeza tu juu ya mchanganyiko wa zamani hakukuleta faida ya ziada iliyo wazi, na omega-3 haikusaidia kabisa. Lakini walipolinganisha waliopata rangi hizo badala ya betakarotini, macho hayakupoteza kitu, bali yalielekea kufanya vizuri kidogo. Kwa upande wa mapafu, saratani ilitokea kwa asilimia 2.0 ya waliopewa betakarotini na asilimia 0.9 ya wasiopewa. Wengi wa waliougua walikuwa watu waliokwisha kuacha sigara, kama mzee wetu. Ufuatiliaji wa miaka 10, uliochapishwa mwaka 2022, ulithibitisha mambo yote mawili.

Basi ukishika chupa, tafuta maandishi "AREDS 2", kisha usiyaamini peke yake. Soma orodha. Betakarotini wakati mwingine hujificha kwenye mstari wa vitamini A, ikiandikwa kwamba ndiyo chanzo chake. Luteini iwe 10, zeaksanthini 2. Angalia pia kipimo kimeandikwa kwa vidonge vingapi, kwa kuwa chupa nyingi huhesabu viwili kwa siku na mtu akameza kimoja ili zidumu, akawa anapata nusu ya kilichojaribiwa. Zinki ndiyo yenye ubishi. Jaribio la pili lililinganisha miligramu 80 na 25 bila kuona tofauti ya wazi, kwa hiyo tumbo likisumbua, yenye 25 naikubali.

Mzee alikuja na dada yake, aliyekuwa na miaka 60 na zaidi. Naye alitaka kugawana chupa mpya itakayoletwa, kwa kuwa "tumezaliwa tumbo moja, daktari". Hoja yake si ya kupuuza, maana ugonjwa huu hurithiwa. Nikampanua mboni na yeye. Alikuwa na druseni ndogo chache, hakuna zaidi. Hata watu waliomzidi, wa hatua ya mwanzo, katika AREDS walifika hatua ya mwisho kwa asilimia 1.3 tu ndani ya miaka 5, na vidonge havikuonyesha kuwasaidia. Na majaribio ya vitamini E na betakarotini kwa watu wasio na ugonjwa hayakuonyesha kinga. Nilimwambia: "Bibi, wewe huvihitaji leo. Njoo nikuangalie tena mwakani." Hakufurahi, lakini kumpa zinki nyingi kwa miaka mingi bila faida ni kumpa madhara matupu. Waliopewa zinki katika AREDS walilazwa hospitali kwa matatizo ya njia ya mkojo zaidi ya wengine, asilimia 7.5 dhidi ya 4.9.

Kuna wachache ambao hata wakiwa hatua ya kati nauliza zaidi kabla ya kuwaandikia. Anayetumia wafarini ya kulainisha damu aseme, kwa sababu vitamini E nyingi huongeza uwezekano wa kuvuja damu. Mwanamume nitamweleza kwamba jaribio jingine la Marekani liliona saratani ya tezi dume ikiongezeka kwa asilimia 17 kwa waliopewa vitamini E IU 400 peke yake. Na ukiandikiwa doksisaiklini au siprofloksasini, usimeze pamoja na kidonge cha zinki, maana zinki huishika dawa tumboni isifyonzwe. Tenganisha kwa saa kadhaa.

Jambo moja nalisema kila mara: karibu washiriki wote wa majaribio haya walikuwa wazungu wa Marekani wenye lishe nzuri. Sina sababu ya kudhani retina ya Mpemba inakwenda kinyume, lakini namba zile 28 na 20 nazitumia kama mwongozo, si kama ahadi.

Mzee sasa anatumia mchanganyiko usio na betakarotini, vidonge viwili kila siku baada ya kula, kwa sababu zinki kwenye tumbo tupu humtia kichefuchefu. Kila siku huziba jicho la kulia na kuutazama mwimo wa mlango kwa la kushoto. Ukipinda, au kukitokea kivuli katikati, asingoje miadi. Hiyo ni dalili ya mishipa kuvuja, na hapo vidonge haviwezi kitu. Anahitaji sindano ndani ya jicho, mapema, na zisipopatikana alipo itabidi asafiri kuzifuata. Mwanawe alipopiga simu kuuliza atume chupa ngapi kwa mwaka, nilimwambia kwanza atume nauli ya boti iwekwe nyumbani, kisha chupa kwa kitakachobaki.