Mkojo Ukisafika Si Kwamba Figo Imepona

"Ilikuwa yutiai, nikapewa siprofloksasini, ikaisha." Kauli hii inachosha, maana nyuma yake kuna vijana wanaoendelea kupoteza figo bila kujua.

Tuchukue kijana wa miaka 24 wa Temeke. Jumatatu koo linamuuma, Jumatano anakojoa mkojo wa rangi ya chai ya rangi, hausikii ukiunguza. Anameza dawa siku tano, mkojo unasafika, anaipa dawa sifa. Ungesafika hata asingemeza kitu. Kwa nefropathia ya IgA, ugonjwa wa figo unaoletwa na kingamwili, damu hutokea kwenye mkojo ndani ya siku moja au mbili za homa ya koo, kisha hukoma yenyewe baada ya siku chache. Ingekuja wiki moja hadi tatu baada ya koo, ningewaza zaidi athari ya bakteria wa streptokoka. Kichocho nacho tunacho, ila damu yake kwa kawaida ni nyekundu na hutoka mwishoni mwa mkojo.

Kinachoumia ni vichujio vya figo. Kingamwili ya IgA yenye kasoro hunaswa humo na kuwasha uvimbe. Rangi ikipotea, uvimbe unaweza kubaki.

Kwa hiyo huyu kijana arudi akiwa hana koo wala homa. Tuseme kijiti cha kupima mkojo kinaonyesha damu bado ipo, uwiano wa protini na kreatinini, taka inayochujwa na figo, kwenye mkojo unakadiria protini ya kama gramu 1.2 kwa siku, na presha ni 146/94. Hapo ndipo penye habari. Damu iliyomtisha haitabiri mengi. Protini inayodumu, presha na kreatinini ya damu ndizo zinazotabiri. Protini ikikaa juu ya gramu moja, figo inaweza kufeli ndani ya miaka 10 hadi 20. Ikishuka chini ya nusu gramu na kubaki huko, wengi huishi miaka mingi na figo inayofanya kazi, lakini kipimo hakikomi.

Anaanza losatani, dawa ya presha inayopunguza pia protini kwenye mkojo, miligramu 50. Baada ya wiki mbili tunapima kreatinini na potasiamu. Kreatinini ikipanda chini ya asilimia 30 hatuiachi dawa, na wengi huiacha hapo kwa woga bure. Kisha tunafika 100. Mwanamke anayetarajia mimba haandikiwi dawa hii. Chumvi isizidi gramu tano kwa siku, na diklofenaki ya kununua dukani isiguswe, hata koo likiuma.

Uhakika kamili unatokana na kipande cha figo kilichotolewa kwa sindano. Bila hicho tunakisia, na ni vyema mgonjwa aambiwe hivyo. Steroidi zinasaidia baadhi, lakini maambukizi yanayoletwa nazo ni makali kiasi kwamba bado tunabishana nani apewe.

Protini yake ipimwe tena miezi mitatu baada ya dozi kamili, hata kama mkojo ni mweupe kama maji.